Kreatini: Mkebe mmoja, malengo mawili, na mizani inayodanganya

Huenda, msomaji, nawe umeuona mkebe mkubwa wa plastiki juu ya friji yenu ukajiuliza mwanao ameleta nini nyumbani. Ndani yake mna unga mweupe usio na harufu, na ubavuni pameandikwa kuwa ni kreatini. Kijana wako wa chuo kikuu anakueleza kwamba anautumia ili aongeze misuli. Siku chache baadaye, shangazi yake anayetaka kupunguza unene anasema kwamba yeye pia ameshauriwa autumie. Unabaki kinywa wazi. Inawezekanaje unga mmoja umnenepeshe huyu na umkondeshe yule?

Jibu ni kwamba hauwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Kreatini haichomi mafuta, wala haijengi msuli peke yake. Ina kazi moja tu mwilini, na kazi hiyo haibadiliki uwe unakula kidogo au unakula kwa wingi. Kinachobadilika ni chakula kilicho kwenye sahani yako, pamoja na maana ya ile namba unayoisoma unapopanda juu ya mizani. Wengi hawajui kuisoma namba hiyo, na ndipo wanapoacha mpango mzuri katikati ya safari, au wanaposherehekea ushindi ambao bado haujapatikana.

Kazi yake ni ipi?

Kwanza tumtoe mzazi hofu. Kreatini si homoni, na haimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na shirika la kukabiliana na matumizi ya dawa za kusisimua misuli duniani (WADA). Ni kitu ambacho mwili wako unajitengenezea kila siku, kiasi cha gramu moja hivi, kwa kutumia ini na figo. Gramu nyingine moja hivi hutokana na nyama na samaki kwa mtu anayekula vyakula hivyo kila mara. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliigundua ndani ya nyama mwaka wa 1832, na jina lake lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya nyama.

Karibu yote huhifadhiwa ndani ya misuli. Hapo inafanya kazi kama chenji mkononi mwa kondakta wa matatu. Abiria akitoa noti, kondakta hakimbii benki kutafuta fedha. Anachomoa sarafu kati ya vidole vyake na safari inaendelea. Vivyo hivyo, unapoinua chuma kizito au unapotimua mbio fupi, msuli humaliza nishati yake kwa sekunde chache, na kreatini huurudishia nishati hiyo papo hapo. Lakini chenji hiyo nayo haidumu. Katika jitihada ya nguvu zote, hutosha kwa muda wa sekunde 10 hivi.

Ukiijaza akiba hiyo, utaweza kuinua chuma mara 9 pale ulipokuwa ukiishia mara 8, au kurudia zoezi bila kupumzika sana. Basi ni hivyo tu. Faida kubwa hutokana na kule kurudia zaidi, wiki baada ya wiki. Asiyeinua vyuma wala kufanya zoezi lolote la nguvu hataona mengi ya maana, hata akimaliza mikebe mitatu.

Lakini kuna jambo la pili linalofuatana na hilo. Kreatini inapoingia ndani ya msuli huvuta maji pamoja nayo. Maji hayo hukaa ndani ya msuli wenyewe, wala si uvimbe wa miguu au tumbo kujaa. Hata hivyo, maji yana uzito, na mizani haiulizi uzito umetoka wapi.

Nyumba moja, watu wawili

Ili tuelewane, tuchukue mfano wa mama na mwanawe wanaoishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Mama ana umri wa miaka 43 na uzito wa kilo 84, na anataka kupunguza mafuta. Mwanawe ana miaka 20 na kilo 58 tu, na marafiki wanamtania kwamba upepo utampeperusha. Wote wawili wanaenda katika ukumbi wa mazoezi mara tatu kwa wiki, na wanachota unga kutoka mkebe mmoja.

Kijana hana subira. Amesikia kwamba unaweza kuijaza misuli haraka kwa kutumia gramu 20 kwa siku, yaani gramu 5 mara nne, kwa muda wa siku tano au sita. Ni kweli kwamba njia hiyo inafanya kazi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka wa 1996 ulionyesha kwamba anayetumia gramu 3 tu kila siku hufika mahali pale pale baada ya majuma manne. Tofauti ni haraka tu, na haraka hiyo ina gharama zake: unga unaisha upesi, na tumbo huweza kusokota na hata kuharisha. Mama yeye anachagua njia ya polepole, gramu 3 hadi 5 kila siku.

Baada ya wiki moja, kijana anapanda mizani na kupiga ukelele. Kilo 59.5! Ameongeza kilo moja na nusu kwa siku saba.

"Mama, njoo uone, misuli imeanza kuja!"

Hapa, msomaji, shika kalamu tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta mwilini ni sawa na kalori 7,700 hivi. Kama kilo moja na nusu ya kijana huyu ingekuwa mafuta, ingembidi ale zaidi ya kalori 1,600 za ziada kila siku, na hizo ni kama chapati sita juu ya chakula chake cha kawaida. Hakula hivyo. Na msuli nao haukui kwa kasi hiyo. Anayeanza mazoezi akifanikiwa sana hupata msuli wa kilo moja hivi kwa mwezi, na wengi hupata chini ya hapo. Uzito unaokuja kwa siku saba bila chakula kuongezeka ni maji.

Jambo hili lilipimwa vizuri na watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2025. Waliwapa watu gramu 5 za kreatini kwa siku, na wiki ya kwanza hawakuwaruhusu kuanza mazoezi. Baada ya siku hizo saba, waliotumia unga huo walikuwa tayari wameongeza nusu kilo ya uzito usio wa mafuta kuliko wenzao, bila kuinua hata chuma kimoja. Kisha makundi yote mawili yakafanya mazoezi kwa majuma 12, na yakaongeza kiasi sawa. Tafiti nyingine zilizofanywa kwa miaka mingi zimeonyesha faida zaidi, kama kilo moja hivi juu ya ile inayotokana na mazoezi pekee. Lakini hata kilo hiyo haiji kwa wiki moja, na sehemu yake ni maji.

Kijana alipokosea

Kosa la kijana wetu lilikuwa la kuamini kwamba mkebe unamfanyia kazi. Akaendelea kunywa chai ya mkandaa na mandazi mawili asubuhi, akaruka chakula cha mchana chuoni ili abakishe nauli, na jioni akala ugali na sukuma wiki. Baada ya mwezi mzima mizani ilisoma kilo 59.5 ile ile. Akasema unga ni bandia, akaanza kuchota mara mbili. Uzito haukupanda. Misuli ikishajaa haipokei zaidi. Kinachozidi hupita kwenye mkojo, na fedha zako hupita nacho.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Msuli huundwa kwa chakula. Anayetaka kuongeza misuli anahitaji kula zaidi ya anavyotumia, kama kalori 300 hivi kila siku, pamoja na protini ya kutosha. Kwa kijana wa kilo 58, protini ya gramu 90 hivi kwa siku inatosha. Hiyo haihitaji mkebe mwingine wa bei ghali. Nusu lita ya maziwa ina takribani kalori 300 na protini ya gramu 16. Mayai mawili yana gramu 12. Sahani ya ndengu au maharagwe mchana, na omena au nyama kidogo jioni, na kijana atakuwa karibu kufika.

Alipoanza kula hivyo na kuinua vyuma vizito zaidi kila baada ya wiki mbili, uzito ulipanda kwa robo kilo kila wiki. Baada ya majuma manane alikuwa na kilo 61.5. Kilo mbili hizo ndizo za kuhesabiwa, ingawa hata ndani yake mna mafuta kidogo, kwa maana hakuna anayekula ziada akapata msuli mtupu. Anayetaka kujua kama anakwenda vizuri na asiangalie kioo peke yake. Aandike katika daftari kila chuma alichoinua na mara ngapi. Uzito ukipanda na namba za daftari zikipanda pamoja nao, misuli inajengwa. Uzito ukipanda na namba za daftari zisimame, huku kiuno cha suruali kikibana, anajenga kitambi.

Mama na mizani iliyokwama

Sasa turudi kwa mama, ambaye hali yake ni ngumu zaidi kwa moyo. Amepunguza chakula kwa kalori 450 hivi kwa siku: ameacha sukari katika chai, ameacha mandazi ya saa nne, na chapati mbili za usiku zimekuwa moja. Kwa hesabu tuliyopiga, anapaswa kupoteza karibu gramu 400 za mafuta kila wiki. Wiki ya tatu anapanda mizani. Imesoma kilo 83.8. Majuma matatu ya kujinyima, na ameshuka kwa gramu 200 tu!

"Mwanangu, huu unga wako unaninenepesha," anasema.

Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Baadhi huacha kila kitu na kurudia mandazi. Wengine, kwa hasira, huacha kula usiku kabisa. Hawa wa pili hujidhuru zaidi, kwa maana mwili unaponyimwa mno huanza kula msuli wake pamoja na mafuta, nguvu za mazoezi zikaisha, na baada ya mwezi njaa huwashinda wakarudi walikotoka.

Ukweli ni kwamba mama huyo alikuwa akifaulu. Kwa majuma manne ya kwanza alipoteza mafuta kilo 1.6. Katika muda huo huo, misuli yake ilijaa kreatini na kuvuta maji, tuseme kilo moja. Kwa hivyo mizani ilishuka kwa gramu 600 pekee, ikasoma 83.4. Lakini maji hayo huongezeka mara moja tu. Misuli ikishajaa, hakuna tena cha kuficha. Majuma manne yaliyofuata alipoteza kilo 1.6 nyingine, na safari hii mizani ikaonyesha zote, ikashuka hadi 81.8. Mwezi wa kwanza gramu 600, mwezi wa pili kilo 1.6, ilhali jitihada ilikuwa ile ile na mafuta yaliyotoka ni yale yale.

Angejuaje hayo katika wiki ya tatu? Kwa futi ya fundi wa nguo. Maji ya kreatini hukaa ndani ya misuli, hasa mapajani, mgongoni na mikononi, wala hayaongezi kiuno. Basi jipime kiuno usawa wa kitovu, asubuhi baada ya kwenda msalani na kabla ya kunywa chai, huku ukiwa umetoa pumzi bila kulivuta tumbo ndani. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, siku ile ile. Mama wetu alianza na sentimita 98. Wiki ya nne alikuwa 96, na wiki ya nane 94. Mizani ilikuwa imekwama, lakini sketi ilikuwa inalegea.

Kama kiuno hakijasogea na mizani haijashuka kwa majuma matano au sita, usiulaumu unga. Wakati huo kreatini imekwisha kumaliza kuvuta maji yake, na tatizo liko kwenye sahani: mafuta ya kupikia yanayomiminwa bila kupimwa, soda ya Jumapili, au njugu zinazotafunwa huku televisheni ikiendelea.

Je, kulikuwa na faida gani basi kwa mama kutumia kreatini? Anayepunguza chakula huchoka upesi, na vyuma alivyoinua kwa urahisi mwezi uliopita huanza kuwa vizito. Kreatini humsaidia asirudi nyuma sana. Akiendelea kuinua uzito ule ule aliouzoea, mwili wake unapata sababu ya kuubakisha msuli na kuchoma mafuta. Hata hivyo, tusiisifu kupita kiasi. Kazi kubwa ya kulinda msuli hufanywa na mazoezi yenyewe na protini katika kila mlo. Kreatini ni msaidizi tu. Ikiwa fedha hazitoshi, nunua mayai kwanza.

Na kwa anayepunguza mafuta, dalili njema katika daftari si namba kupanda. Namba zikibaki pale pale huku kiuno kikipungua, huo ni ushindi kamili. Zikianza kuporomoka wiki baada ya wiki, umepunguza chakula kupita kiasi.

Yanayohitaji tahadhari

Kuna hofu moja inayoleta mkanganyiko hospitalini. Kreatini ikitumika mwilini hugeuka kuwa taka iitwayo kreatinini, na taka hiyo ndiyo madaktari huipima katika damu ili kujua kama figo zinafanya kazi. Anayetumia unga huu anaweza kupatikana na kreatinini iliyopanda kidogo hata kama figo zake ni nzima kabisa. Kwa hivyo, ukienda kupimwa, mwambie daktari mapema kwamba unaitumia na tangu lini. Anaweza kukushauri uache kwa majuma kadhaa kisha upimwe tena, au kutumia kipimo kingine kiitwacho sistatini C ambacho hakisumbuliwi na kreatini.

Kwa watu wazima wenye afya, tafiti za miaka mingi hazijaonyesha kwamba kiasi cha kawaida huharibu figo. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au mwenye kisukari au shinikizo la damu ambaye figo zake hazijapimwa, asiiguse kabla ya kuongea na daktari wake. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye aiache. Na kijana wa shule ya upili hana haja nayo; chakula, usingizi na mazoezi vitamfikisha mbali zaidi.

Unaponunua, tafuta iitwayo kreatini monohaidreti bila mapambo mengine. Ndiyo iliyochunguzwa zaidi, na aghalabu ndiyo ya bei nafuu. Mikebe inayodai kuchoma mafuta na kujenga misuli kwa pamoja mara nyingi imechanganywa na kafeini nyingi na vitu vingine usivyovijua. Hakikisha mkebe una nembo ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), kifuniko hakijafunguliwa, na tarehe ya mwisho haijapita. Soma pia kijiko kilichomo ndani kinabeba gramu ngapi, kwa sababu vijiko havifanani.

Koroga unga huo katika maji ya uvuguvugu au uji uliopoa kidogo, kisha unywe papo hapo. Usiuache ndani ya chupa kutwa nzima, kwa kuwa huharibika polepole ukishalowa. Saa ya kuunywa haina maana kubwa. Kutosahau ndiko kwenye maana.

Tena usishangae ukiona jirani yako amenufaika kuliko wewe. Asiyekula nyama huwa na akiba ndogo, na kwa hivyo huona mabadiliko zaidi. Anayekula nyama na samaki kila siku huenda tayari misuli yake imekaribia kujaa, asione tofauti yoyote.

Mwishowe, siku utakapoamua kuacha, kumbuka kwamba maji yaliyokuja yataondoka. Kwa muda wa majuma manne hadi sita hivi akiba hurudi ilivyokuwa, na mizani hushuka kwa kilo moja au zaidi. Kijana wetu atadhani msuli umeyeyuka, na mama yake atadhani amepoteza mafuta mengine bila jasho. Wote wawili watakuwa wamekosea tena, isipokuwa kama daftari na futi ya fundi bado viko pale juu ya friji, kando ya mkebe mtupu.